Kabla ya Kumlaumu Anayesoma, Angalia Karatasi Uliyompa

Wenzangu, vikundi vyetu vya filamu na maigizo kambini vina tabia moja ambayo inatupotezea waigizaji wazuri. Tunaandika skripti, tunakimbia kutoa fotokopi, tunakaa mezani tunaisoma. Anayesoma kwa kusitasita tunamweka pembeni. Anayesoma kama mtangazaji wa redio tunampa nafasi kubwa. Ikifika siku ya kamera ndiyo tunagundua kwamba yule mtangazaji hajui kukasirika wala kuomba msamaha, anajua kusoma tu. Na yule tuliyemweka pembeni ameshaacha kuja.

Mimi najitolea kwenye kikundi kimoja hapa Kakuma. Siigizi na wala siongozi. Kazi yangu ni ya karatasi: nachapa, natoa kopi, nagawa, nakaa na saa kuandika kila sini imechukua muda gani. Kwa hiyo nimesikiliza usomaji mwingi wa mezani, na msimamo wangu ni huu. Mara nyingi anayeharibu usomaji ni karatasi. Skripti iliyoandikwa kwa ajili ya kamera haifai kusomwa mezani kama ilivyo. Lazima itengenezwe nakala nyingine ya kusoma, maelezo yapunguzwe, na maneno ya kila mhusika yawekewe alama. Kikundi kisichofanya hivyo hakina haki ya kumwambia mtu kwamba hajui kusoma.

Kwa wale ambao hawajawahi kukaa kwenye kikao hicho: kusoma mezani ni pale waigizaji wote wanakaa pamoja, kila mmoja na karatasi yake, wanasoma skripti yote kwa sauti toka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna kusimama, hakuna nguo za kuigizia. Mtu mmoja asiye na nafasi yoyote anasoma maelezo, yaani mahali, muda, na kinachofanyika. Wengine wanasoma maneno ya wahusika wao. Mwandishi na dairekta wanasikiliza. Wanataka kujua kama hadithi inaeleweka na wapi inachosha, na kama mazungumzo yanatoka mdomoni kama watu wanavyoongea kweli.

Sasa niwape kisa, mseme wenyewe kama nakosea.

Tulikuwa na skripti ya filamu fupi, kurasa 12. Mama anaamka siku ya mgao, anatafuta kadi, haipo. Kijana wake Baraka ameiweka rehani dukani ili apate simu. Tulipoisoma mara ya kwanza alikuwepo mgeni kutoka shirika moja, ambaye ndiye angesema kama tutapata pesa za kupiga picha. Usomaji ulichukua dakika 34. Mgeni akasema, kwa heshima kabisa, "Ni ndefu sana, punguzeni mazungumzo." Watu wakaanza pale pale kuchora mistari juu ya maneno ya Mzee wa Foleni, ambaye ana hadithi fupi anayomsimulia Mama wakiwa kwenye mstari.

Nilikuwa nimerekodi sauti kwenye simu. Jioni nikaisikiliza na saa mkononi, nikatenganisha. Msomaji wa maelezo peke yake alitumia dakika 19. Mazungumzo yote ya wahusika wote yalitumia dakika 10. Dakika 5 zilizobaki zilikuwa kimya: watu wanatafuta wamefika wapi, mtu anasukumwa kiwiko, "ni wewe, ni wewe." Ina maana mgeni alichoshwa na maelezo, lakini mkasi ukaenda kwenye mazungumzo. Maneno ya Mzee yalikuwa dakika moja na nusu tu, na ndiyo sehemu pekee ambayo watu walicheka.

Hapo ndipo penye hatari, ndugu zangu. Sikio halijui kutenganisha. Likichoka linasema hadithi yote ni ndefu, halisemi maelezo ni marefu. Usipoandaa karatasi utakata kitu kizima na kuacha kilichooza.

Tuangalie sini ya 4 ilivyokuwa kwenye skripti ya kamera:

SINI 4. NDANI. NYUMBA YA MAMA FURAHA. ASUBUHI
Chumba kidogo cha tofali za udongo. Mwanga wa jua unapenya kwenye matundu ya bati na kuchora mistari ya vumbi hewani. Ukutani kuna kalenda ya zamani na picha ya familia iliyofifia. Kwenye kona kuna madumu matatu ya maji, mawili ya njano na moja la bluu. Baraka (19), mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi, amekaa kwenye godoro akigeuza-geuza simu mpya mkononi. Anasikia hatua za mama yake nje. Haraka anaifunga simu ndani ya shati jeusi na kulisukuma chini ya godoro. Mama Furaha (45) anaingia, amefunga kanga kiunoni, jasho linamtiririka, anakumbuka siku walipovuka ziwa. Anaenda moja kwa moja kwenye kopo la maziwa lililo juu ya sanduku. Analifungua. Anatazama ndani. Analigeuza. Hakuna kinachoanguka isipokuwa sindano na uzi.

Sisemi maandishi haya ni mabaya. Anayepanga vitu vya chumbani anahitaji kujua kuhusu madumu na kalenda. Mpiga picha anahitaji kujua kuhusu mwanga. Lakini mezani hakuna dumu, hakuna mwanga. Kuna sauti moja inayosoma maneno zaidi ya 100 kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, na anayemwigiza Mama amekaa akisubiri huku roho yake inapoa.

Kukata si kubahatisha. Swali ni moja kwa kila sentensi: nikiifuta hii, kuna neno la mhusika mbele ambalo halitaeleweka? Kama hakuna, ifute. Kama lipo, iache, lakini kwa maneno machache.

Tufanye pamoja. Tofali za udongo: hakuna anayezitaja mbele, futa. Mwanga na vumbi, futa. Kalenda, picha, madumu, futa. Umri na wembamba wa Baraka, vitoe hapa uviweke kwenye orodha ya wahusika, ambayo msomaji wa maelezo ataisoma mara moja tu kabla ya kuanza. Kukumbuka siku ya kuvuka ziwa: hiyo hata kamera haiwezi kuiona, maana hakuna anayeona kumbukumbu ya mtu kichwani. Ifute kwenye nakala ya kusoma, halafu mwambie mwandishi aamue, kama kumbukumbu hiyo ni muhimu Mama aiseme kwa mdomo, kama si muhimu itoke hata kwenye skripti kubwa.

Simu je? Mama atakapoinua godoro atasema maneno mawili tu, "Na hii?" Asiyesikia kwamba kuna simu imefichwa hataelewa "hii" ni nini. Simu inabaki. Kopo linabaki pia, kwa sababu swali la Mama kuhusu kadi linatoka kwenye kopo.

Na shati jeusi? Hapa wengi wangefuta, kwa sababu kwenye sini ya 4 hakuna anayelitaja. Lakini soma mbele mpaka sini ya 8, dukani. Mwenye duka anamwambia Mama: "Mimi sijui majina. Alikuja kijana wa shati jeusi, akaniachia kadi, akachukua simu." Mama hapo ananyamaza, na msikilizaji anapaswa kushtuka pamoja naye. Shati likiwa limefutwa kwenye sini ya 4, hakuna atakayeshtuka. Ndiyo maana nasema usikate sini moja moja kama mtu anayepalilia gizani. Soma skripti yote kwanza, andika pembeni kila kitu ambacho wahusika wanakitaja kwa mdomo, halafu rudi mwanzo na hiyo orodha mkononi. Vitu vilivyo kwenye orodha vina ulinzi.

Baada ya hapo sini ya 4 ikawa hivi:

SINI 4. Nyumbani kwa Mama Furaha, asubuhi.
Baraka anafunga simu mpya ndani ya shati lake jeusi, analificha chini ya godoro. Mama Furaha anaingia, anafungua kopo la maziwa. Hamna kitu.

MAMA FURAHA
Baraka. Kadi iko wapi?

BARAKA
Kadi gani?

MAMA FURAHA
Ya mgao. Leo ndiyo siku yetu.

BARAKA
Labda Furaha ameichukua.

MAMA FURAHA
Furaha yuko shule. Inuka hapo.

Mama anainua godoro, anavuta shati. Simu inaanguka.

MAMA FURAHA
Na hii?

Kimya.

Maelezo ya mwanzo yamekuwa maneno 22. Angalia pia nilichofanya katikati. Kwenye skripti ya kamera, kati ya kila jibu kulikuwa na kitendo: Mama anamgeukia, Baraka anainamisha kichwa, Mama anapiga hatua, Baraka anakuna shingo. Vyote vimetoka. Msomaji wa maelezo akiingia kati ya swali na jibu, ugomvi unakuwa kama ripoti ya kikao. Nimeacha kitendo kimoja tu, kile kinachozaa neno linalofuata. Na nimeacha neno "Kimya" kwa sababu kunyamaza kwa Baraka ni jibu, na mezani lazima mtu akitangaze, la sivyo mwigizaji anayefuata atarukia.

Maneno ya kwenye mabano nayo, kama vile "kwa hasira" au "anamkwepa macho", msomaji asiyasome kabisa. Mengi yafute, mwigizaji atajua mwenyewe. Acha yale tu yanayobadilisha maana, kwa mfano "kwa Karani" pale ambapo watu wanne wako kwenye sini na hujui Mama anamwambia nani, au "kwenye simu" pale ambapo anayeongea naye hayupo.

Sasa tuje kwenye alama, maana huku ndiko watu wanakodhalilishwa.

Jambo la kwanza ni jina. Sisi mama mmoja tunamwita majina matatu. Kwenye skripti yetu alikuwa MAMA FURAHA ukurasa wa 2, MAMA ukurasa wa 4, na MAMA BARAKA ukurasa wa 7, kwa sababu Karani alimwita hivyo. Anayemwigiza anatafuta jina lake kwa macho, akikuta jingine anapita. Ndani ya mazungumzo wahusika waitane wanavyoitana, hakuna shida. Lakini pale juu ya maneno, jina la mhusika liwe moja toka mwanzo mpaka mwisho, kwa herufi kubwa, na lisifanane na la mwingine. Furaha binti na Mama Furaha, kwa mfano, wanachanganya macho ya anayesoma haraka. Tulimwandika binti FURAHA BINTI, kikaisha.

Jambo la pili ni kugawa nafasi. Sisi tulikuwa na wahusika 8 na wasomaji 5, ukiacha msomaji wa maelezo, ambaye hapewi mhusika yeyote hata kama watu ni wachache. Chora jedwali: sini ziwe upande wa kushoto, wahusika juu, weka alama ya tiki kila mhusika anapoongea. Watu wawili wakiwa na tiki kwenye sini moja, hawawezi kusomwa na mtu mmoja. Karani yuko sini ya 6 tu, Mwenye Duka sini ya 8 tu, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwachukua wote wawili. Mzee wa Foleni na Mwenye Duka wanakutana sini ya 8. Ukimpa mtu mmoja, ataulizana maswali na kujijibu, na watu watacheka mahali ambapo Mama anapaswa kulia. Mzee tukampa aliyesoma pia Jirani wa sini ya 10, na Mlinzi wa sini ya 6 akasomwa na Furaha Binti. Jedwali hilo halichukui hata nusu saa.

Jambo la tatu ni rangi. Kila mwigizaji awe na kopi yake mwenyewe, na kwenye kopi hiyo maneno ya mhusika wake tu ndiyo yapakwe hailaita, kuanzia jina mpaka mwisho wa maneno. Mwenye wahusika wawili apate rangi mbili. Usipake rangi kwenye karatasi mama halafu ukatoe kopi, maana njano inapotea kwenye fotokopi ya nyeusi na nyeupe, na rangi nzito kama waridi au bluu inatoka kama doa jeusi na kufunika maneno. Toa kopi kwanza, paka baadaye. Na kama mtasoma jioni kwa taa ya sola yenye mwanga wa njano, hailaita ya njano haionekani vizuri. Tumia kijani, au piga mstari mnene wa penseli pembeni mwa maneno. Penseli moja inatosha kikundi kizima, kwa hiyo tusisingizie pesa.

Halafu kuna alama ambayo vikundi vingi havina, na mimi naona ndiyo inayookoa anayesoma polepole. Pigia mstari maneno matatu au manne ya mwisho ya mtu aliyetangulia kabla yako. Anayesoma kwa shida hawezi kufuata kila neno la wengine na bado awe tayari. Lakini akijua kwamba zamu yake inakuja baada ya "leo ndiyo siku yetu", anaweza kutulia, kusikiliza kwa sikio, na kuweka macho kwenye sentensi yake mwenyewe. Pale ambapo kabla ya maneno yake kuna maelezo, weka nyota, maana yake subiri msomaji wa maelezo amalize. Zile dakika zetu 5 za kutafutana karibu zote zilikuwa mahali ambapo palihitaji mstari huo au nyota hiyo.

Mwisho, karatasi yenyewe. Chapa upande mmoja, herufi saizi ya 14, nafasi kati ya mhusika na mhusika. Maneno ya mtu yasikatwe katikati na mwisho wa ukurasa. Sogeza yote ukurasa unaofuata hata kama nafasi itabaki tupu chini. Weka namba ya ukurasa iliyo kubwa, ili dairekta akisema "turudi ukurasa wa 5" wote wafike pamoja. Na bana kona, kwa sababu wote tunaujua upepo wa Kakuma, karatasi iliyo wazi itaishia kwenye laga.

Kwenye kikundi chetu kuna dada mmoja aliyeanza kusoma Kiswahili akiwa mkubwa, baada ya kufika hapa. Kwenye usomaji wa kwanza alipewa kopi pale pale mezani, herufi ndogo, bila alama yoyote. Alipotea mara nyingi na watu wakaanza kunong'ona kwamba nafasi ya Mama apewe mwingine. Kwa usomaji wa pili alipata kopi iliyoandaliwa, siku mbili kabla, na mwenzake akamtumia kwenye WhatsApp sauti ya sini zake zote, pamoja na yale maneno ya mwisho ya wanaomtangulia. Alisoma bado polepole. Lakini "Na hii?" yake ilinyamazisha meza nzima. Hakuna aliyenong'ona tena kuhusu kumbadilisha.

Usomaji huo wa pili ulichukua dakika 17. Maelezo dakika 4, mazungumzo dakika 11, kimya dakika 2. Soma vizuri hesabu hiyo: mazungumzo yaliongezeka kwa dakika moja, kwa sababu waigizaji sasa walikuwa wanaigiza, maneno ya Mzee yalikuwa yamerudishwa yote, na bado jumla ilishuka nusu.

Kuna wenzetu wanapinga, na hoja zao si za kupuuza. Dairekta mmoja aliniambia kwamba ukikata maelezo unaua filamu, mezani watu hawataiona. Ni kweli kwa sini ambazo hazina maneno. Sisi tulikuwa na sini ya 9, Baraka anakimbia usiku kurudi dukani, hakuna anayesema kitu. Ukiifupisha kuwa sentensi mbili, inapita kwa sekunde 10 wakati kwenye filamu inaweza kuchukua dakika nzima. Kwa hiyo kusoma mezani hakuwezi kupima sini kama hiyo, na tusijidanganye. Iandikie pembeni "haipimwi", muipime kwa miguu siku ya mazoezi. Vilevile ile kanuni inayosema ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu ni ya skripti ya kamera iliyopangwa kwa utaratibu wake wa kawaida. Nakala ya kusoma ikishapunguzwa, usiitumie kukadiria urefu wa filamu.

Hoja nyingine ni kwamba nakala mbili zitachanganya watu. Zitachanganya kama hamna nidhamu. Skripti kubwa isiguswe, ihifadhiwe kwa jina lake, na ya kusoma iandikwe juu kabisa "NAKALA YA KUSOMA" na tarehe. Neno la mhusika likibadilishwa mezani, liandikwe kwenye skripti kubwa siku hiyo hiyo. Maelezo yaliyokatwa hayarudishwi wala hayafutwi, yanamsubiri mpiga picha kwenye skripti kubwa.

Na utajuaje kama umekata kupita kiasi? Waweke watu wawili wasio na karatasi wakae wasikilize tu. Baada ya kila sini waulize, "Nini kimetokea?" Wakishindwa kusema kwamba simu imefichwa, au wakiuliza "nani huyo anaongea?", umekata kitu kilichokuwa na kazi. Waigizaji wakianza kufunua kurasa za mbele wakati maelezo yanasomwa, bado umeacha mengi. Ishara hizo mbili zinakutosha.

Kwa ndugu zetu wafanyakazi wa mashirika mnaokaa nasi kwenye vikao hivi, nina maombi mawili. Pesa ya fotokopi itoke siku tatu kabla ya kikao, isitoke asubuhi ile ile, kwa sababu kopi isiyolala nyumbani kwa mwigizaji haijaandaliwa. Na mkichoka mkisikiliza, kabla hamjasema mazungumzo yapunguzwe, ulizeni kwanza maelezo yamechukua dakika ngapi. Kama hakuna mtu mezani anayejua jibu, hukumu isubiri.

Na kwa vijana wenzangu: kumwondoa mtu kwenye nafasi ni jambo zito hapa kambini. Wengi wetu nafasi hiyo ndiyo kitu pekee cha wiki nzima tunachokisubiri. Kabla ya kumwambia dada au kaka "hujui kusoma," chukua karatasi yake uitazame. Kama haina rangi, haina mistari, jina lake limeandikwa kwa namna tatu na maelezo ni marefu kuliko maneno yake, basi bado hujampima. Mpe karatasi iliyoandaliwa, mpe siku mbili, ndipo umsikilize.